Kompressor au CGI: supachaja na tabo kwenye C200 moja

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Mercedes-Benz C200 za muundo wa W204, zilizotengenezwa kati ya 2007 na 2014, sasa unazinunua humu humu kwa mwenye nazo. Ukizunguka sokoni utakutana na mbili zinazofanana kila kitu kasoro maandishi ya nyuma. Moja imeandikwa Kompressor, ambayo ni ya miaka ya mwanzo na ina supachaja. Nyingine imeandikwa CGI, iliyokuja kuanzia 2009 na 2010, na ina tabo. Zote mbili zina injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,796, ya familia ya M271, na kwenye karatasi zote mbili zinatoa farasi 184.

Ndiyo maana naona hakuna mfano bora wa kulinganisha mitambo hii miwili ya kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kwa kawaida watu hulinganisha Subaru yenye tabo na Jaguar yenye supachaja, halafu wanabishana mpaka chai inapoa, wakati injini zenyewe hazifanani hata kidogo. Hapa bodi ni moja na mzizi wa injini ni mmoja, na mtengenezaji mwenyewe alihama kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine. Kuna tofauti moja ya pembeni ambayo tusiisahau: CGI hudunga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, Kompressor hudungia kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo ukiambiwa CGI inakula mafuta kidogo zaidi, ni kweli, lakini si tabo peke yake iliyoleta nafuu hiyo.

| | C200 Kompressor | C200 CGI |
|---|---|---|
| Nguvu | farasi 184, kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika | farasi 184, kwenye mizunguko 5,250 |
| Msokoto wa juu, yaani nguvu ya kuzungusha | nyutoni mita 250 | nyutoni mita 270 |
| Msokoto huo unapatikana | mizunguko 2,800 hadi 5,000 | mizunguko 1,800 hadi 4,600 |
| Kinachozungusha mtambo | mkanda kutoka krenkishafti, shafti kuu ya injini | moshi wa ekzosi |

Mstari wa tatu wa jedwali hilo unakwenda kinyume na karibu kila kitu utakachosikia gereji. Wengi wanaamini supachaja ndiyo yenye nguvu chini na tabo ni ya mbio za juu. Hapa tabo inafika kileleni mizunguko 1,000 kabla ya supachaja. Na bado, ukiendesha gari zote mbili mjini siku moja, unaweza kushuka ukiapa kwamba Kompressor ndiyo nyepesi kuitika. Yote mawili ni kweli, na sababu zake zinaanzia kwenye swali la nani anazungusha mtambo.

Mkanda na moshi

Supachaja ya Kompressor ni ya aina ya Ruutsi: rota mbili zilizosokotwa, zinazozunguka zikitazamana ndani ya kasha la aluminiamu bila kugusana. Zinachota hewa upande mmoja na kuitupa upande wa pili, kwenye njia ya kuingilia silinda. Kwa hakika hazibani hewa ndani yake. Zinaileta kwa wingi kuliko injini inavyoweza kuimeza, na presha inajijenga mbele. Rota huzungushwa na mkanda ulio mbele ya injini, kwa uwiano usiobadilika. Injini ikizunguka mara mbili zaidi, nazo zinazunguka mara mbili zaidi. Usipohitaji presha, kuna kilango cha pembeni kinachofunguka na kuirudisha hewa ilikotoka, ili rota zisiwe zinasukumana na presha bure.

Tabo haina mkanda wala gia. Ni shafti moja fupi yenye feni kila upande. Feni moja inakaa kwenye njia ya moshi, nyingine kwenye njia ya hewa safi. Moshi unatoka silinda ukiwa bado na joto na presha, unaipiga feni ya kwanza, na ile ya pili inavuta hewa na kuisukuma ndani. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili ya injini. Presha ikitosha, mlango mdogo upande wa moshi unafunguka na kuuacha moshi upite bila kugusa feni. Mlango huo ndio unaoipa kompyuta ya gari uwezo wa kuamua tabo ifanye kazi kiasi gani, na jambo hilo litakuwa na uzito tukifika kwenye milima.

Nani anaitika kwanza

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya wanaposema tabo inachelewa. La kwanza ni kizingiti. Chini ya mizunguko fulani, moshi ni mdogo mno kuzungusha feni hadi presha ipatikane, hata ukikanyaga mafuta mpaka chini na kusubiri. La pili ni kuchelewa kwenyewe. Umeshavuka kizingiti, moshi unatosha, lakini shafti ilikuwa inazunguka polepole kwa sababu ulikuwa umeachia mafuta, na sasa inahitaji muda kupanda hadi kasi yake ya kazi.

Kizingiti kinategemea ukubwa wa tabo. Tabo ya CGI ni ndogo, imechaguliwa makusudi iamke mapema, ndiyo maana kwenye mizunguko 1,800 tayari imefika kileleni. Zile tabo kubwa za zamani zilizowapa watu hadithi za kusubiri, kisha kurushwa nyuma ya kiti, zilikuwa na kizingiti cha mizunguko 3,000 na zaidi.

Kuchelewa kwenyewe hakuonekani kwenye jedwali lolote la kiwanda. Takwimu za msokoto hupimwa injini ikiwa imetulia kwenye mzigo kamili, tabo ikiwa imeshapanda kasi. Barabarani hakuna anayeendesha hivyo. Unatoka kwenye tuta, unaingia mzunguko wa barabara, unaona nafasi mbele ya matatu, unakanyaga. Katika hali hiyo rota za Kompressor tayari zinazunguka kwa kasi ileile ya mkanda, na kinachobaki ni kilango cha pembeni kufunga na presha kujaza mabomba. CGI inakwenda kwanza kama gari la 1.8 la kawaida, kisha kitambo kidogo baadaye, ambacho ukiwa kwenye gia ya juu na mizunguko michache kinaweza kukaribia sekunde nzima au kuipita, nguvu inakuja kwa wimbi. Ukishazoea, unaanza kukanyaga mapema kidogo.

Kwa nini basi supachaja inachelewa kufika kwenye kilele cha msokoto, ilhali inazunguka muda wote? Kwa sababu ya mianya. Rota hazigusani, na kati yake kuna nafasi ndogo ambayo hewa inavuja kurudi nyuma. Kiasi kinachovuja kwa sekunde hakitofautiani sana rota zikienda polepole au kasi. Kwenye mizunguko 5,000 uvujaji huo ni sehemu ndogo ya hewa yote, lakini kwenye 1,500 unakula sehemu kubwa. Wahandisi wangeweza kuweka puli ndogo ili rota zizunguke haraka zaidi chini, lakini kwa kuwa uwiano haubadiliki, huko juu zingepita kasi yake salama na kupasha hewa joto kupita kiasi.

Kwa hiyo Kompressor inashinda katika ile sekunde ya kwanza, kisha CGI inaipita kwa kuvuta, na inaendelea kuvuta zaidi mpaka karibu na kasi ya juu. Kama maisha yako ni foleni na matuta, hiyo sekunde ya kwanza ndiyo gari lenyewe. Anayesafiri Nairobi hadi Nakuru na kupita malori hatajali sana, maana akishakanyaga hukanyaga kwa sekunde kumi mfululizo.

Bei ya ile hewa

Hewa haijibani yenyewe, na lazima mtu alipe. Hebu tuifanyie hesabu injini hii kwenye mizunguko 5,500, tukichukulia hewa inaingia silinda ikiwa na presha ya mara moja na nusu ya hewa ya nje. Ni makadirio yangu ya kalamu na karatasi, lakini fizikia yake ni ya kawaida.

Injini hujaza silinda zake mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo lita 1.8 mara 2,750 zinatupa takriban lita 82 za hewa iliyobanwa kila sekunde. Kwa uzito ni kama gramu 130. Mtambo usio na upotevu wowote ungehitaji kilowati 4.7 kuibana hewa hiyo. Ruutsi kwenye mzigo kamili ina ufanisi wa kama asilimia 55, kwa hiyo inadai karibu kilowati 9, yaani farasi 12 hivi. Hizo zinatoka moja kwa moja kwenye krenkishafti kupitia mkanda. Ili Kompressor ikupe farasi 184, ndani imezalisha kama 196 na kurudisha 12 mbele kwenye puli. Petroli ya hao 12 umeilipia wewe.

Tabo ina feni yenye ufanisi mzuri zaidi, tuseme asilimia 72, kwa hiyo inahitaji kilowati 6.5 kwa kazi ileile. Hizo zinatoka kwenye moshi, na hapo ndipo watu husema tabo ni bure, kwa kuwa karibu theluthi ya nishati ya petroli hutoka na moshi na kupotea hewani. Si bure. Feni kwenye njia ya moshi ni kizuizi, na pistoni inapopanda kuusukuma moshi nje inakutana na presha ambayo isingekuwepo. Presha hiyo ya nyuma ikiwa nusu juu ya hewa ya nje, ambacho ni kiasi cha wastani kwa tabo ndogo inayofanya kazi kwa nguvu, pistoni zinalipa kama kilowati 4, sawa na farasi 5 na nusu. Tabo ndogo hulipa zaidi huko juu, maana njia yake ya moshi ni nyembamba. Ile sifa yake ya kuamka mapema inalipiwa hapo.

Kwa mzigo kamili, basi, tofauti ni kama farasi 6 au 7 kati ya 184. Si mbingu na ardhi. Presha ikipanda, pengo linakua haraka upande wa Ruutsi, kwa sababu inazidi kupoteza kadiri inavyolazimika kusukuma hewa kwenye presha kubwa bila kuibana ndani kwanza. Kwenye magari ya mashindano ya mbio fupi yenye presha kubwa sana, supachaja hula mamia ya farasi. Kwa gari la familia lenye presha ya wastani, gharama inavumilika.

Upotevu huo hauendi popote ila kwenye joto. Kwa hesabu ileile, hewa iliyoingia na nyuzi 27 inatoka kwenye Ruutsi na nyuzi 94 hivi, na kwenye tabo na nyuzi 78. Gari zote mbili zina intakula ya kuipoza kabla haijaingia silinda, lakini ya Kompressor ina kazi kubwa zaidi, na ikijaa vumbi na wadudu mbele utaihisi mapema mchana wa jua la Mombasa.

Ukiwa umetulia kwenye kilomita 80 kwa saa hadithi ni nyingine. Kilango cha pembeni cha Kompressor kiko wazi, na rota zinazunguka zikihamisha hewa tu. Kinachobaki ni msuguano wa beringi, gia na mkanda, ambao ni mdogo lakini haukomi tangu unapowasha mpaka unapozima. Tabo ikiwa katika hali hiyo inazungushwa polepole na moshi mchache, na karibu haidai chochote. Kwa mtu wa safari ndefu, nafuu ya mafuta ya CGI inajengwa zaidi hapo, pamoja na ule udungaji wa petroli, kuliko kwenye mzigo kamili.

Mlima unabadilisha hesabu

Hapa ndipo ningemsimamisha mnunuzi wa Nairobi, Iringa au Mbeya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa huko ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam.

Supachaja yenye uwiano usiobadilika inazidisha kile inachopewa. Ikiwa pwani inageuza 1 kuwa 1.5, Nairobi inageuza 0.82 kuwa 1.23, na nguvu inashuka karibu kwa kiwango hichohicho. Gari lako la farasi 184 linakuwa na kama 150. Ni hasara ileile anayoipata jirani mwenye injini isiyo na mtambo wowote, na hakuna anayeweza kuirekebisha bila kubadilisha puli.

Tabo ina ule mlango wa moshi. Kompyuta inaona presha ya hewa ya nje imeshuka, inaufunga mlango zaidi, moshi mwingi unapita kwenye feni, na shafti inazunguka haraka zaidi mpaka presha inayotakiwa ipatikane au karibu yake. Kikomo ni kasi salama ya shafti na joto la hewa, kwa hiyo si lazima urudishiwe farasi wote 184, lakini unarudishiwa wengi. Panda Kitonga ukielekea Iringa na magari haya mawili yakiwa yamejaa abiria, na tofauti utaiona bila kipimo.

Kwa haki ya Kompressor niseme kwamba tabo nayo inaumia mlimani, ila kwa namna nyingine. Hewa nyepesi ina maana ya moshi mchache pia, na shafti inatakiwa ipande hadi kasi kubwa kuliko pwani. Kile kitambo cha kusubiri kinakuwa kirefu zaidi. Mtu wa Nairobi anayelalamika kwamba CGI yake inalala kwenye mzunguko wa barabara kisha inaruka, haoti.

Ukienda kuiangalia

Mwombe mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Injini zote mbili za familia hii zinajulikana kwa mnyororo wa kamshafti unaolegea na gia za kamshafti zinazolika meno, na dalili ni mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache injini ikiwashwa ya baridi. Tatizo hilo halina uhusiano na tabo wala supachaja, na linaweza kukugharimu kuliko vyote viwili, kwa hiyo ukilisikia acha kulinganisha na anza kupunguza bei au ondoka.

Kwenye Kompressor, injini ikiwa imezimwa, fundi alegeze mkanda na azungushe puli ya supachaja kwa mkono. Izunguke laini, bila kukwama na bila kucheza huku na huku. Beringi ya mbele ikichoka inatoa mngurumo unaopanda na kushuka na mizunguko ya injini, tofauti na ule mluzi wa kawaida wa rota ambao ni wa kuzaliwa nao. Supachaja hii ina oili yake yenyewe ndani ya kasha la gia, na ukiona unyevu wa oili nyuma ya puli ujue sili imeanza kuachia. Ni mtambo mvumilivu, na hautegemei kama mwenye gari wa kwanza alibadilisha oili ya injini kwa wakati.

Tabo inategemea hilo kabisa. Ulizia risiti za oili kabla ya kuuliza kitu kingine, na uone kama ni oili yenye kibali cha MB 229.5. Oili iliyokaa muda mrefu huungua na kugeuka masizi kwenye njia nyembamba ya kuilisha shafti, na beringi hukauka. Fundi aondoe bomba la hewa mbele ya tabo na ashike shafti. Kutikisika kidogo sana upande kwa upande ni kawaida, lakini kwenda mbele na nyuma au feni kugusa kasha si kawaida. Moshi wa bluu baada ya kuiacha ikizunguka bila mzigo kwa dakika kadhaa na kisha kukanyaga, ni oili inayopita sili. Mlio wa chuma kinachogonga unapoachia mafuta mara nyingi ni ule mlango wa moshi uliochakaa kwenye bawaba yake.

Unganisha mashine ya kusoma kompyuta pia. Ukikuta P0299, gari linasema presha haifiki inapotakiwa, na namba ni hiyohiyo kwa mitambo yote miwili, ila pa kutafuta ni tofauti. Kwenye Kompressor anza na kilango cha pembeni kilichokwama wazi, kisha mkanda unaoteleza. Kwenye CGI anza na mlango wa moshi na kiungo kinachouvuta. Kwa zote mbili kagua kwanza mabomba ya mpira kati ya mtambo na injini, maana bomba lililopasuka ni bei ya chakula cha mchana, na nimeona watu wakiuziwa tabo nzima kwa ajili yake.

Mimi ningechukua Kompressor kwa mtu wa Mombasa au Dar anayezunguka mjini, hasa kama kitabu cha matengenezo cha gari hakipo. Kwa mtu wa Nairobi au Mbeya ningechukua CGI, kwa sharti kwamba risiti za oili zipo mezani. Zisipokuwepo, hata Nairobi ningerudi kwenye Kompressor na kuzivumilia zile farasi 30 zilizobaki pwani.